Kipimajoto kinasoma 33, mbona vifaranga wanakufa siku ya nne?

"Daktari, nilipokea vifaranga 100 wa kuku wa mayai nikawalea kwa kufuata video fupi tano za mfugaji mmoja kuhusu wiki ya kwanza. Nina mduara wa kadibodi, balbu ya joto ya wati 250, maranda juu ya sakafu ya saruji, na maji yenye glukosi na antibiotiki kwa siku tano. Walifika saa moja usiku, nikawasha balbu nikawaweka ndani. Kipimajoto kinaning'inia jirani na balbu na kinasoma nyuzi 33. Siku ya kwanza hakufa hata mmoja. Ya pili akafa mmoja, ya tatu wawili, ya nne watano, ya tano watatu. Baadhi wamegandwa na kinyesi nyuma. Usiku wanarundikana, nikashusha balbu, sasa mchana wanahema midomo wazi. Jirani anasema ni koksidia, na kwamba nizibe madirisha niingize jiko la mkaa. Leo ni siku ya sita, nina 89. Nifanye nini, na chanjo ya siku ya saba niwape?"

Ndugu yangu, naomba jambo moja kabla ya yote: hilo jiko la mkaa usiliingize katika chumba kilichozibwa, hata kwa usiku mmoja. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Huua vifaranga, na humuua pia mtu anayeingia kuwaangalia usiku. Shida yako ya joto tutaitatua kwa njia nyingine.

Sasa tazama jinsi vifo vyako vilivyofuatana. Hakuna, mmoja, wawili, watano, watatu. Vilipanda hadi siku ya nne, kisha vikaanza kushuka. Mpangilio huo unaniambia mengi kuliko kipimajoto chako, kwa sababu vifaranga wanaokufa siku ya nne mara nyingi waliharibikiwa usiku wa kwanza. Ili uone kwa nini, inabidi tuanze na kile kifaranga anachokuja nacho tumboni.

Siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, kifaranga huvuta ndani ya tumbo lake sehemu ya kiini cha yai iliyobaki. Hiyo ndiyo akiba yake. Inamlisha na kumpa maji kwa muda wa siku mbili hadi tatu, na ndiyo maana vifaranga huweza kusafirishwa kwenye maboksi bila kula na wakafika wakiwa wazima. Akiba hiyo humfanya kifaranga asiyekula aonekane mzima. Anasimama, analia, anatembea. Mwenye vifaranga anawahesabu asubuhi, anakuta wote wapo, anafurahi. Lakini ikifika siku ya tatu au ya nne akiba imekwisha, na yule ambaye hajajifunza kula hana kitu cha kumbeba. Hapo ndipo wanapoanza kulala ubavu.

Na kwa nini asile, wakati chakula kipo hapo hapo? Kwa sababu ya baridi. Kifaranga wa siku moja bado hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Mwili wake ni mdogo na unapoteza joto haraka, manyoya aliyonayo ni malaika tu, na uwezo wa kuendesha joto lake mwenyewe hukamilika polepole katika wiki mbili za kwanza. Mahali pakiwa na ubaridi, mwili wake hupoa pamoja na mahali hapo. Kifaranga aliyepoa hutafuta joto kabla ya chakula. Atajikunyata na wenzake na kubaki hapo, hata kama sahani ya chakula iko hatua chache tu. Hata kile kiini tumboni hakitumiki vizuri mwili ukiwa umepoa.

Video ulizozifuata nimezitazama. Mfugaji yule anajua kazi yake. Mduara wake usio na kona ni sahihi, maana kwenye kona vifaranga hubanana na kukosa hewa, na usafi wake wa vyombo vya maji ni wa kuigwa. Ila video fupi hurekodiwa mchana, kukiwa na mwanga mzuri, na huanza pale boksi linapofunguliwa. Saa nyingi kabla ya boksi kufunguliwa hazionekani, na usiku wa manane pia hauonekani. Mambo yako mawili yaliyokwama yako humo humo. Tena kipimajoto chake kinaning'inia juu, kama chako.

Tuanze na sakafu. Umeniambia uliwasha balbu vifaranga walipofika. Hewa chini ya balbu hupata joto upesi, lakini saruji haipati. Saruji iliyopoa huendelea kunyonya joto kwa saa nyingi, na maranda yaliyo juu yake hubaki na ubaridi. Kifaranga hakai hewani. Anasimama kwa miguu isiyo na manyoya, na akichoka analaza tumbo moja kwa moja juu ya maranda hayo, tumbo lile lile lenye akiba yake. Kwa hiyo usiku ule vifaranga wako walikuwa na joto mgongoni na baridi tumboni. Bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, yenye sakafu ya saruji huwashwa angalau siku nzima kabla ya vifaranga kufika, saa 24, na maranda makavu yatandazwe kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 yapate joto pamoja na sakafu.

Kisha kipimajoto. Kikiwa jirani na balbu kinapigwa na mwale wa balbu yenyewe, na pia hewa ya moto hupanda juu. Hizo nyuzi 33 ni joto la pale kilipo, si la pale kifaranga alipo. Kishushe leo. Kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga, sentimita chache juu ya maranda, ukingoni mwa eneo linaloangazwa na balbu, si katikati. Hapo ndipo unapotaka nyuzi 33 hadi 35 siku mbili za kwanza, kisha ushuke taratibu hadi kama nyuzi 31 au 32 mwishoni mwa wiki. Pembeni kabisa mwa mduara pawe na ubaridi zaidi, hata nyuzi 28 zinatosha, ili anayesikia joto apate pa kukimbilia.

Hiyo tofauti ya joto kati ya katikati na pembeni ndiyo unayoikosa sasa mchana. Ulipoona wanarundikana usiku ulishusha balbu, na ni jambo ambalo karibu kila mfugaji angelifanya. Lakini balbu iliyoshushwa inachoma eneo dogo kwa ukali bila kuongeza upana wa joto. Mchana chumba chenyewe kikipata joto, vifaranga wanahema. Usiku chumba kikipoa, walio nje ya duara hilo dogo wanarundikana. Kuhema midomo wazi kunawapotezea maji, kurundikana kunawanyima chakula, na kila siku wanapitia yote mawili. Matumbo ya kifaranga hayavumilii mabadiliko hayo, na kinyesi kinachonata na kugandia nyuma ni mojawapo ya matokeo yake.

Rudisha balbu kwenye kimo cha kama sentimita 45 hadi 50 kutoka kwenye maranda, kisha ongeza balbu ya pili upande wa pili wa mduara. Usiku ziwake zote mbili. Mchana wakianza kujisogeza pembeni, zima moja au ipandishe. Balbu mbili zina faida nyingine: moja ikiungua usiku, hutakuta rundo la vifaranga waliokufa asubuhi. Hakikisha zimefungwa kwa mnyororo au waya imara, usitegemee waya wa umeme, maana balbu ikiangukia maranda huleta moto.

Madirisha usiyazibe. Zuia upepo usiwapige vifaranga moja kwa moja, na kadibodi yenye kimo cha sentimita 45 hivi inafanya kazi hiyo, lakini acha nafasi juu hewa chafu itoke. Kipimo ni pua yako mwenyewe. Chuchumaa mpaka kichwa chako kifike usawa wao, ukae hapo kidogo. Macho yakiwasha au ukisikia harufu kali ya mkojo, hiyo ni amonia, na wao wanaivuta mchana na usiku. Ondoa maranda yaliyolowa, hasa kuzunguka vyombo vya maji.

Kuhusu koksidia, jirani yako amekosea, na unaweza kulijua hilo bila maabara. Vimelea vya koksidia huhitaji siku kadhaa kuzaliana ndani ya utumbo kabla ya kuleta ugonjwa, na vifaranga lazima kwanza wamevimeza kutoka kwenye maranda yaliyochafuka na yenye unyevu. Kwa kawaida huonekana kuanzia wiki ya tatu hivi. Vifo vya siku ya pili au ya tatu tangu kuanguliwa haviwezi kuwa koksidia. Ukiwapa dawa yake sasa utakuwa umewapa maji yenye ladha mbaya, wapunguze kunywa, wakati tatizo lao ni lingine.

Antibiotiki nayo iache, isipokuwa daktari aliyewaona akuelekeze vingine. Haiwezi kumpasha joto aliyepoa wala kumfundisha kula aliyeshindwa, na ukiitumia kila mara bila sababu, siku utakayoihitaji kweli utakuta bakteria wameizoea. Glukosi inafaa saa chache za mwanzo kwa vifaranga waliochoka na safari. Kuiendeleza siku tano kunalegeza kinyesi, kunafanya vyombo vya maji viwe na utelezi wa vijidudu, na kunaongeza huko kugandwa nyuma. Wape maji safi ya kawaida, yasiwe ya baridi kali, na uoshe vyombo kila siku.

Wale waliogandwa, washughulikie leo. Lowanisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka kinyesi kilainike kitoke chenyewe. Usikivute kikiwa kikavu, utachuna ngozi. Angalia unachokisafisha ni tundu la haja na si kitovu: kitovu kiko mbele yake, tumboni, na kigaga chake hakiguswi. Mkaushe vizuri kabisa kabla ya kumrudisha, kwa sababu kifaranga aliyelowa hupoa ndani ya dakika chache. Kisha mweke pamoja na wadogo na wanyonge wenzake katika sehemu yao iliyotengwa chini ya balbu moja, chakula na maji vikiwa karibu sana. Chovya ncha ya mdomo wa kila mmoja kwenye maji mara moja au mbili, usiingize pua. Baadhi yao watainuka. Yule ambaye hajala mpaka leo na hawezi kusimama, sitakudanganya, hapatikani tena, na ni huruma kutomwacha ateseke kwa siku mbili zaidi.

Kundi lijalo, ningependa ulipokee hivi. Siku moja kabla, washa balbu na upime joto la maranda kwa mkono na kwa kipimajoto kilicholazwa juu yake. Mduara wenye upana wa mita 2 unawatosha vifaranga 100 kwa siku za kwanza. Tandika karatasi zenye mkwaruzo juu ya nusu ya maranda hivi, kati ya balbu na vyombo vya maji, na umwage chakula juu ya karatasi hizo. Usitumie gazeti laini. Linateleza, na miguu ya kifaranga inaweza kupanuka ikabaki hivyo. Wakikanyaga karatasi inatoa mlio, wanainama kudonoa, wanakutana na chakula. Sahani ndogo pekee haitoshi, kwa maana anayepaswa kuitafuta ni yule ambaye hajawahi kula. Karatasi utaziondoa siku ya tatu au ya nne. Maji yawe yamekaa humo bruda saa chache yapoteze ubaridi. Kama balbu zako ni zile nyekundu, ongeza taa ndogo ya kawaida na uiache iwake usiku wote wa kwanza, ili waone wanachodonoa.

Wakifika, chukua watano au sita kutoka pande tofauti za boksi na ubandike miguu yao kwenye shavu lako. Miguu ikiwa na uvuguvugu, wako salama. Ikiwa ya baridi, nao wamepoa, na kazi ya kwanza ni joto, mengine yafuate. Rudia kipimo hicho saa mbili baadaye, maana hapo miguu inakupa habari za sakafu yako, si za safari tena.

Halafu kuna kipimo ambacho ningetaka kila mfugaji akifanye, na sijui kwa nini video nyingi hukiruka. Baada ya saa nane tangu waingie bruda, shika vifaranga 20, kutoka chini ya balbu na kutoka pembeni, na umpapase kila mmoja gole, kile kifuko kilicho chini ya shingo upande wa kifua. Gole lililojaa na laini kama uji mzito lina chakula na maji. Likiwa gumu lenye chembe, amekula lakini hajanywa. Likiwa limetuna na kujaa maji tu, hajaona chakula. Likiwa tupu, hajaona kitu. Unataka angalau 16 kati ya 20 wawe na gole lililojaa. Baada ya saa 24 wanapaswa kuwa karibu wote, 19 au 20. Kwa vifaranga walioingia saa moja usiku, saa nane zinaishia saa tisa usiku. Ndiyo, uamke.

Ungekifanya usiku ule, nadhani ungekuta magole matupu mengi, na muda wa kuwaokoa ungekuwepo bado. Ungeongeza joto, ungewasogeza waliorundikana hadi kwenye karatasi, ungegongagonga chakula kwa kidole, na ungewachovya midomo waliotulia. Kifaranga wa saa nane bado ana akiba siku nzima na zaidi. Wa siku ya nne hana.

Hayo yote nayasema nikisoma maelezo yako kwa mbali, na baridi pamoja na njaa ndiyo maelezo yanayokaa vizuri na vifo vilivyopanda kisha vikaanza kushuka. Lakini kuna magonjwa mawili ya wiki ya kwanza yanayoweza kujificha humo humo. La kwanza ni uambukizo wa kitovu na kiini. Kifaranga huwa na tumbo lililovimba na kulegea, kitovu chenye unyevu au weusi, na harufu mbaya ukimnusa. Chanzo chake mara nyingi ni mayai machafu au mashine chafu ya kutotoleshea, na vifo vyake pia huja siku za mwanzo. La pili ni ugonjwa wa kuhara kweupe unaosababishwa na salmonela, ambao kifaranga anaweza kuzaliwa nao kutoka kwa mama. Huo hauishii siku ya tano. Vifo huendelea hadi wiki ya pili na ya tatu. Salmonela nyingine huwapata watu pia, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kila unapowashika, na watoto wasiwabusu wala kuwakumbatia usoni.

Utakachokitazama sasa ni siku mbili zijazo. Baada ya kurekebisha joto leo, vifo vinatakiwa viishe au vibaki kimoja kwa siku. Vikiendelea kuwa viwili au zaidi kwa siku, au ukiona matumbo yenye harufu, kuhara kweupe kwa wengi, au kuhema kwa shida hata mahali penye ubaridi, usinunue dawa. Wapeleke kwa daktari wa mifugo waliokufa muda si mrefu watatu au wanne, wakiwa kwenye mfuko uliopozwa lakini haujagandishwa, pamoja na wagonjwa wawili walio hai. Akiwapasua atajua ndani ya dakika chache: aliyekufa kwa njaa ana gole na utumbo mtupu na kifuko cha nyongo kilichotuna, na aliyeambukizwa kiini ana kiini kikubwa bado, chenye rangi na harufu isiyo ya kawaida. Matibabu ya hawa wawili hayafanani hata kidogo.

Kuhusu chanjo, ratiba hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini wengi huanza na ile ya ugonjwa wa kideri karibu na siku ya saba. Chanjo hutegemea kifaranga mwenye nguvu ya kuijibu. Mpigie daktari wako leo, mweleze vifo hivi, na umwombe asogeze mbele siku mbili au tatu mpaka kundi litulie na kula vizuri. Siku ya kuwapa kwa maji, tumia maji yasiyo na klorini wala dawa yoyote, katika vyombo vilivyosuuzwa bila sabuni, kwa sababu virusi hai vya chanjo hufa kwa vitu hivyo. Wale wanyonge uliowatenga wape baadaye, wakishapata uzito.